Jinzi Mbichi Kwenye Njia ya Marangu

Siku ya kwanza ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hukutani na theluji. Unakutana na msitu. Kutoka langoni, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hadi vibanda vya Mandara, mita 2,700 hivi, unapita chini ya miti inayodondosha maji hata mvua ikiwa imeshakatika.

Mimi nilivaa jinzi, kwa kuamini kwamba nguo nzito ndiyo nguo ya mlima. Mwenzangu alivaa suruali nyepesi ya nailoni aliyoipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Mvua ilitunyeshea sawasawa. Tulipofika Mandara, jinzi yangu ilikuwa inateremka kiunoni kwa uzito, na mshono wa ndani ulikuwa umenichubua mapaja. Yeye alikula chakula cha jioni na suruali yake ileile, imemkaukia mwilini. Yangu niliianika usiku kucha; asubuhi mapaja ya suruali yalikuwa na unyevu, na kiuno na mifuko vilikuwa vibichi kabisa. Nikaibeba hivyo hadi Horombo.

Tofauti hiyo inatokana na uzi. Pamba hunywa maji: huingia ndani ya nyuzi zenyewe, nyuzi zikavimba, na mengine yakajaa kati yake. Poliesta karibu hainywi kabisa, na nailoni hunywa kidogo, kwa hiyo maji mengi hukaa juu ya nyuzi, ambako upepo na joto la mwili huyafikia upesi. Juu ya hayo, kitambaa cha jinzi ni kinene. Jinzi ya kawaida ina uzito wa gramu 600 hadi 800, na hata ukiikamua kwa nguvu inaweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake. Ukiwa na mizani ya jikoni, ipime kavu, iloweshe, ikamue, kisha uipime tena.

Maji hayo yakikauka mwilini, joto la kuyakausha linatoka kwako. Isitoshe, maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na mlimani joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Unapotembea huenda usihisi. Ukisimama kupumzika, mapaja yanaganda, na mtu akianza kutetemeka au kujikwaa ovyo, suruali hiyo ivuliwe mara moja, avae kitu kikavu.

Hata hivyo jinzi si nguo mbaya. Porini penye migunga ningeichagua bila kusita, kwa sababu mwiba unaoparuza jinzi na kupita huvuta uzi wa nailoni nyepesi na kuacha tundu. Kwenye moto wa kuni pia, cheche ikirukia jinzi unaipangusa, lakini ikitua kwenye nailoni au poliesta kitambaa kinayeyuka, na kikigusa ngozi kinaweza kuganda nayo. Mpishi wa kambini asivae nailoni karibu na moto.

Kuna hatari moja ambayo wasafiri wengi hawaijui: rangi. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwenye jinzi ya buluu katika mbuga yenye mbung'o anawaita mwenyewe, nao wanaweza kuuma kupitia kitambaa chepesi. Huko inafaa suruali pana, ya unene wa wastani, yenye rangi ya kaki au udongo.

Sokoni, usihukumu kwa macho, maana kuna suruali za mifuko mingi zinazofanana na za mlimani kumbe ni pamba tupu. Soma lebo ya ndani. Kama imekatwa, dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likinywewa papo hapo, shuku pamba. Ukishainunua, toa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome ukiwa umeushika kwa kibanio. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliesta hujikunja na kuacha kidonge kigumu.

Na hata suruali ya kukauka haraka husaidiwa. Ukiifua jioni gesti, ikamue, iviringishe ndani ya taulo kavu, kanyaga juu yake mara kadhaa, kisha ianike ndani nje, mifuko imetolewa, mahali penye upepo. Kabla ya kuivaa asubuhi gusisha mshono wa kiuno shavuni. Ukihisi ubaridi, bado ni mbichi.