Kugeuza Orodha ya Hoja Zinazotegemeana Kuwa Aya: Mfano wa Uteuzi wa Kiunguja

Makala haya yanafafanua namna ya kugeuza orodha yenye vitone kuwa aya zenye mtiririko, pale ambapo hoja za orodha hiyo zinategemeana. Mfano unaotumika ni suala linalojitokeza mara nyingi katika tasnifu za isimu ya Kiswahili, yaani sababu za lahaja ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tuchukulie kwamba mtafiti ameandika orodha ifuatayo katika rasimu ya sura ya mapitio ya maandiko:

- Kuenea kwa Kiunguja bara kupitia misafara ya biashara
- Kutumika kwa Kiswahili katika utawala wa Kijerumani
- Kuwapo kwa kitabu cha sarufi cha Steere (1870)
- Kutetewa kwa Kimvita na wamisionari wa Mombasa
- Kuteuliwa kwa Kiunguja katika mkutano wa Mombasa (1928)
- Kuundwa kwa Kamati ya Lugha (1930)

Kila hoja katika orodha hii ni ya kweli, lakini orodha yenyewe haijibu swali. Vitone huzipa hoja zote hadhi sawa na kuziweka kando kwa kando, ilhali hoja hizi hazilingani. Nyingine ni chanzo, nyingine ni kipingamizi, na ya tano si sababu kabisa. Ndiyo tokeo linalopaswa kuelezwa. Mtahini anayesoma orodha hii hawezi kujua iwapo mtafiti anaelewa uhusiano huo au amekusanya tu mambo yanayotajwa pamoja.

Sarufi ya orodha huchangia ufiche huo. Hoja zote sita zimeanza kwa kitenzi-jina chenye kiambishi ku-. Umbo hilo halibebi njeo, na kwa kawaida humficha mtenda. "Kutumika kwa Kiswahili" hakusemi nani alikitumia, lini, wala kwa nini. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kugeuza orodha si kutafuta viunganishi, bali ni kurudisha kila kitenzi-jina katika sentensi kamili yenye kiima na njeo: utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika ofisi na shule za serikali. Mara mtenda anapotajwa, swali la sababu yake hujitokeza lenyewe.

Hatua ya pili ni kuiuliza kila hoja: je, inahitaji hoja gani nyingine ili ieleweke? Utawala wa Kijerumani unahitaji hoja ya misafara, kwa kuwa lugha ilichaguliwa ikiwa tayari inaeleweka katika sehemu nyingi. Utetezi wa Kimvita hauhitaji hoja ya misafara, ila unahitaji kuwekwa mkabala na kitabu cha Steere, kwa sababu yote mawili yanahusu lahaja ipi ilikuwa na maandishi. Kamati inahitaji uteuzi. Hapo hubainika kwamba orodha ina minyororo miwili, mmoja wa uenezi na mwingine wa maandishi, na kwamba yote miwili inakutana mwaka 1928. Mpangilio wa aya hufuata minyororo hiyo, na si lazima ufuate mfuatano wa vitone.

Hatua ya tatu ni kuandika. Aya inayotokana inaweza kusomeka hivi:

"Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyoandaliwa kutoka Zanzibar ilifika Tabora na Ujiji, na kwa kuwa wafanyabiashara na wapagazi walihitaji lugha ya kuelewana, Kiswahili kilichoenea katika njia hizo kilikuwa na msingi wa Kiunguja. Kwa sababu lugha hiyo ilikwisha kueleweka katika sehemu nyingi, utawala wa Kijerumani uliitumia katika ofisi na shule zake, na Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliikuta imekita mizizi. Hata hivyo, uenezi huo haukumaliza suala la lahaja, kwani wamisionari wa Mombasa walikuwa wameandika kwa Kimvita na walikitetea. Kiunguja nacho kilikuwa na maandishi, kikiwamo kitabu cha sarufi cha Edward Steere cha mwaka 1870. Hivyo maandishi peke yake hayakuweza kuipa lahaja mojawapo ushindi, na uenezi ukabaki kuwa kigezo cha kuzitofautisha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja, na kwa kuwa uteuzi huo ulihitaji chombo cha kusimamia tahajia na vitabu, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930."

Aya hii inasema mambo ambayo orodha haikuyasema, na hapo ndipo penye hatari. Maneno "hivyo maandishi peke yake hayakuweza" ni dai jipya. Orodha ilimruhusu mtafiti kulikwepa. Aya inamlazimisha kulitetea. Ikiwa hana ushahidi kwamba washiriki wa mkutano walipima mambo kwa namna hiyo, hana budi kulegeza dai na kuandika kwamba pande zote mbili zilikuwa na maandishi, kisha aishie hapo. Vilevile, hoja ya Wajerumani inahusu Kiswahili kwa jumla na si Kiunguja pekee. Katika orodha tofauti hiyo haikuonekana. Katika aya, kiungo kinachoivusha ni maelezo kwamba Kiswahili kilichoenea bara kilikuwa na msingi wa Kiunguja. Kiungo hicho kikiondolewa, hoja ya pili haiungi mkono tena hitimisho.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kufuta vitone na kuanza kila sentensi kwa "aidha", "pia" au "vilevile". Maneno hayo huongeza tu. Hayaonyeshi utegemezi, na kinachopatikana ni orodha iliyovaa nguo za aya. Kosa la pili, lililojificha zaidi, ni kutegemea kiambishi -ka-. Kauli "mkutano ukafanyika, Kamati ikaundwa" hueleza kilichotangulia na kilichofuata, lakini kufuatana kwa matukio si kusababishana. Katika aya iliyotangulia, -ka- ya "ikaanza" imebebwa na "kwa kuwa", na ndiyo maana inakubalika.

Njia ya kukagua matokeo ni kubadilishana nafasi za sentensi mbili. Kama sentensi ya Wajerumani inaweza kuhamishiwa mwisho bila aya kuvurugika, utegemezi haujaandikwa. Katika aya hii haiwezekani, kwa sababu "lugha hiyo" hurejelea sentensi iliyotangulia.

Njia hii ina mpaka wake. Hoja zisizotegemeana, kama vile majina ya lahaja zilizochunguzwa au vifaa vya kukusanyia data, hubaki vizuri zaidi katika orodha. Kuzilazimisha ziwe aya humfanya mwandishi abuni uhusiano usiokuwapo, na kosa hilo ni zito kuliko la kuficha uhusiano uliopo.