Usiwaulize Madumu Mangapi

Kila msimu wa Nane Nane ukikaribia, mtu hunifuata sokoni Mwanga au pale ofisini na daftari lake. Ameteuliwa kuongoza jopo la wakulima wa michikichi na anataka nimkagulie swali la kuanzia. Nalijua kabla hajafungua daftari: “Mzee fulani, mwaka huu umekamua madumu mangapi?” Atawauliza wote hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, umati utampigia makofi mwenye namba kubwa, kisha watu watakwenda kula. Nimechoka kulikagua swali hilo. Lifuteni.

Najua linapendwa kwa nini. Dumu la lita 20 kila mtu wa Kigoma analijua, toka Kibirizi mpaka Ilagala. Linaonekana na linauzika, halihitaji kalamu. Watu huamini kwamba ukishataja madumu, matokeo yamejisema yenyewe. Hayajasema kitu. Dumu linatueleza kuna mafuta kiasi gani ndani yake, basi. Halijui mafuta yametoka kwenye miti mingapi, ya mbegu gani, ya umri gani, wala kama chikichi zilitoka shamba la mwenye dumu au la jirani yake.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, ingawa atakayejiona humo asinilaumu. Mezani kuna wakulima watatu. Wa kwanza ni mzee, katangazwa mkulima bora, anasema madumu 60. Wa pili ni kijana, anasema madumu 24 na sauti inashuka kidogo. Wa tatu ni mama ambaye hajafika hata madumu matano, na mwongozaji anampita haraka asije akamwaibisha.

Sasa muulize mzee ana miti mingapi inayozaa. Si ekari, maana ekari za Kigoma zina mihogo na maharage katikati, na michikichi mingine ilijiotea yenyewe bila mstari. Uliza miti. Anasema 150. Uliza tena, kwa upole: katika hayo 60, yapo ya chikichi za kununua? Anacheka. Mzee ana mashine ya kukamulia, na majirani humuuzia mikungu. Madumu 20 ni ya majirani. Yanabaki 40, yaani lita 800, na ukigawa kwa miti 150 kila mti umempa lita tano na kidogo kwa mwaka. Kijana ana miti 30 na hakununua hata mkungu mmoja. Madumu yake 24 ni lita 480. Kila mti umempa lita 16. Yule aliyeshusha sauti amevuna kwa kila mti mara tatu ya aliyepigiwa makofi.

Msinielewe vibaya, sitaki mzee azomewe. Mashine yake ni habari nzuri na inastahili kusikika, ila ni habari ya kukamua, si ya kilimo. Mtambulishe kwa hiyo. Mkulima anayetoka Simbo kuja kusikiliza ajue kwamba mzee huyu ndiye wa kumuuliza habari za pipa la kuchemshia, kuni na bei ya kununulia mikungu, na kwamba akitaka kujua ya mti, amsogelee kijana.

Halafu mbegu. Tangu Serikali ilipolivalia njuga zao hili mwaka 2018 na kituo cha TARI Kihinga kikaanza kutoa mbegu ya tenera kwa wingi, kila mtu anasema ana “miche ya kisasa”. Neno hilo jukwaani halina maana yoyote. Weka kisu mezani. Chikichi ikipasuliwa katikati, dura yetu ya zamani inaonyesha nyama nyembamba na gamba nene linalogomea kisu. Tenera ina nyama nyingi, gamba jembamba, na kulizunguka gamba kuna duara la vidoti vyeusi, ambavyo ni nyuzi. Mafuta ya mawese yamo kwenye nyama, siyo kwenye gamba. Hata aliyekaa mstari wa tatu, akiona dura ya mzee na tenera ya kijana, ataelewa tofauti ya lita tano na lita 16 bila hotuba yangu, kwa hiyo kila mkulima na apasue chikichi yake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu.

Hapo ndipo mama aliyepitwa haraka anakuwa mtu muhimu kuliko wote mezani. Miche yake hakuinunua. Aliokota mbegu chini ya mti wa tenera wa jirani, mti mzuri kweli, akaotesha nyuma ya nyumba akapanda 20. Imani hii imeenea kutoka Ujiji hadi vijiji vya milimani: mti mzuri huzaa watoto wazuri. Kwa tenera si kweli. Tenera ni mtoto wa dura na mti mwingine uitwao pisifera, ambao chikichi yake haina gamba na kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Tenera ikichavushwa na tenera mwenzake, robo ya watoto watakuwa dura, nusu tenera na robo pisifera. Ikichavushwa na dura, na kwetu dura zimejaa kila upande, nusu watakuwa dura na nusu tenera. Kwa hiyo katika miti 20 ya mama huyu, kama kumi tu ndiyo aliyodhani anaipanda. Mingine ni dura ile ile ya babu yake, na huenda ipo iliyonawiri kuliko yote, majani mapana, inayotoa mikungu inayoozea mtini mwaka hadi mwaka.

Alisubiri zaidi ya miaka mitatu, akapalilia, akafukuza ng'ombe. Mwongozaji anayemficha mama huyu kwa heshima anawanyima wasikilizaji somo lililomgharimu miaka yote hiyo. Mwambie alete chikichi kutoka miti yake mitatu tofauti. Akizipasua, gamba nene na gamba jembamba vikakaa sahani moja, hakuna atakayeokota tena mbegu chini ya mti.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera zaidi. Lazima patakuwa na mtu mezani, au kando ya meza na chupa za kuuza, atakayesema: “Nilimwagia dawa hii Machi, oneni mikungu ya Agosti.” Umati hushtuka, na mwongozaji huitikia. Jamani. Mkungu ulioiva Agosti ulikuwa ua lililofunguka miezi mitano au sita nyuma, na kama ua lile litakuwa la kike au la kiume liliamuliwa ndani ya mti karibu miaka miwili kabla ya mavuno. Mti uliopata kiu au njaa wakati ule hutoa maua ya kiume, na ua la kiume halizai mkungu. Wingi wa mikungu ya mwaka huu unatokana kwa sehemu kubwa na mvua, palizi na mbolea ya mwaka juzi. Aliyemwaga dawa Machi alikuta mikungu imeshapangwa. Asingemwaga ingekuja vile vile.

Samadi na majivu vina kazi yake, na mchikichi unapenda sana potasiamu iliyo kwenye majivu, ila unarudisha fadhila polepole. Hivyo mkulima akidai kwamba kitu fulani kimemwongezea mikungu, swali lako ni moja: ulianza lini? Jibu likiwa chini ya mwaka mmoja, mshukuru uende kwa mwingine. Likiwa miaka miwili au mitatu, mwulize kama kuna miti aliyoiacha bila kuiwekea. Kama ipo, mvute aseme tofauti ya mikungu kwa mti, maana huyo ana matokeo. Kama alimwagia shamba zima na mwaka juzi mvua ilikuwa nzuri, ana bahati. Bahati si kosa, lakini isiuzwe kwa chupa.

Haya, ya kufanya, maana najua daftari liko wazi. Watembelee wote mashambani wiki mbili kabla, uhesabu miti inayozaa wewe mwenyewe. Kumbukumbu ya mtu huongeza miti jinsi jukwaa linavyokaribia. Andika mambo manne kwa kila mmoja: miti inayozaa, mbegu ilikotoka, mwaka wa kupanda, na lita za chikichi za shambani mwake tu. Mwenye miti ya miaka minne usimlinganishe na mwenye ya miaka kumi, maana mavuno ya mti mchanga bado yanapanda. Utambulisho uwe pumzi mbili: “Huyu ni mama kutoka Gungu. Ana miti 20 aliyoiotesha kutokana na mbegu za kuokota, na atatuonyesha zilichozaa.” Inatosha. Vyeti, vyeo na idadi ya watoto viacheni. Mkulima bora asianze. Aanze mwenye shamba la kawaida, wasikilizaji wajione. Kila mmoja alete mikungu mitatu ambayo hakuichagua, kwa mfano ya miti mitatu ya kwanza mlangoni mwa shamba, kwa sababu mkungu uliochaguliwa unaeleza tu macho ya aliyeuchagua. Dakika tano kwa mtu, kisu na sahani, kisha maswali kutoka kwa watu kabla ya mgeni rasmi. Wasiozoea kipaza sauti wasimame karibu na mikungu yao waelekeze kwa kidole. Mkulima anayebabaika akiulizwa “elezea mafanikio yako” huongea bila kusita akiwa ameshika chikichi.

Tabora, ambako maonesho ya kanda yetu hufanyika, wasikilizaji wengi ni wakulima wa tumbaku na mpunga ambao pengine hawajawahi kupasua chikichi, kwa hiyo beba za akiba na usizipasue nyumbani.

Swali la mwisho la umati nalijua pia: miche inapatikana wapi na kwa bei gani? Usimwachie mkulima alijibu, atataja bei ya mwaka aliopanda yeye. Mwombe mtaalamu wa Kihinga akae mstari wa mbele, asikae mezani, na awe na karatasi yenye bei ya sasa na mwezi wa kuchukulia. Awaambie pia wadai maandishi ya chanzo cha mbegu kwa yeyote anayeuza miche njiani, kwa sababu mche wa dura na wa tenera ukiwa kwenye kiriba huwezi kuutofautisha kwa macho, hata mimi siwezi.