Kidole Tumbo: Maumivu Yanayohama na Saa Zinazohesabika

Wengi wanajua kwamba kidole tumbo huuma upande wa kulia, chini. Wasichojua ni kwamba mara nyingi maumivu hayaanzii hapo. Huanzia katikati ya tumbo, kuzunguka kitovu au chini kidogo ya chembe cha moyo, na mgonjwa akiulizwa panapouma huzungusha kiganja juu ya tumbo zima. Hamu ya kula inapotea, kichefuchefu kinafuata, pengine anatapika mara moja au mbili. Hapo ndipo watu husema ni chakula cha jana, ni gesi, ni vidonda vya tumbo au ni taifodi, wakanunua vidonge dukani na kulala.

Kidole tumbo ni kijimrija chembamba, kwa kawaida chenye urefu wa sentimita 6 hadi 10, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kina mlango mmoja tu. Ncha yake ya pili haina tundu. Shida huanza mlango huo unapozibwa, mara nyingi na kipande cha kinyesi kilichokauka au na tezi zilizovimba katika ukuta wake, na mara chache na minyoo. Ute unaendelea kutengenezwa ndani lakini hauna pa kutokea. Kidole kinajaa na kuvimba, bakteria wanazaliana, na mishipa midogo ya damu inabanwa. Ukuta uliokosa damu hufa, na ukuta uliokufa hutoboka.

Maumivu huhama kwa sababu inayoeleweka. Mishipa ya fahamu ya kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ile ya eneo la kitovu, kwa hiyo mwanzoni ubongo hudhani kinachouma ni kitovuni. Uvimbe ukikua, unafikia utando uliotanda ndani ya ukuta wa tumbo. Utando huo una mishipa yake, na yenyewe inajua mahali hasa panapouma. Ndipo maumivu yanashuka chini kulia, kwa kawaida ndani ya saa 12 hadi 24, na mgonjwa sasa anaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Ukivuta mstari kutoka kwenye kitovu hadi mfupa wa nyonga unaochomoza kulia, panapouma zaidi huwa karibu na theluthi ya mstari huo kutoka kwenye mfupa. Daktari Charles McBurney wa New York alipaeleza mahali hapo mwaka 1889, na hadi leo ndipo madaktari wanapoanza kubonyeza.

Kuanzia hapo kila mtikisiko unauma. Kukohoa kunauma, kuruka kunauma, na mgonjwa hutembea ameinama huku ameshika ubavu. Hata matuta ya barabarani yanasema kitu. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti ambamo wagonjwa 33 kati ya 34 waliothibitika kuwa na ugonjwa huu walisema maumivu yalizidi gari lilipopita juu ya matuta. Wapo pia waliolalamika hivyo hivyo lakini wakakutwa na ugonjwa mwingine, kwa hiyo dalili hiyo haitoshi peke yake. Lakini mtu anayelia kila pikipiki inaporuka kwenye shimo hapaswi kurudishwa nyumbani kabla ya kupimwa.

Daktari mmoja aliufuatilia mwendo wa ugonjwa huu ndani ya mwili wake mwenyewe. Leonid Rogozov, Mrusi mwenye umri wa miaka 27, alikuwa daktari pekee katika kituo cha Novolazarevskaya kule Antaktika. Asubuhi ya Aprili 29, 1961 alijisikia mchovu na mwenye kichefuchefu, kisha tumbo likauma sehemu ya juu. Baadaye maumivu yalishukia chini kulia, naye akajua ni nini. Alitumia dawa za kuua bakteria na kujikanda kwa baridi, lakini siku iliyofuata homa na kutapika vilizidi. Meli haikuwapo, na hali ya hewa haikuruhusu ndege. Usiku huo alijichoma sindano ya ganzi tumboni na kujipasua mwenyewe, wenzake wakimshikia kioo na vyombo. Baada ya takriban nusu saa alianza kuishiwa nguvu, akawa anapumzika kila baada ya dakika chache. Kazi ilichukua saa 1 na dakika 45. Alipokitoa kidole tumbo, aliona doa jeusi kwenye shina lake, akakadiria kwamba kingechelewa siku moja tu kingepasuka. Wiki 2 baadaye alikuwa kazini.

Hesabu yake ya siku moja inaonyesha jinsi muda ulivyo mfupi. Kwa kawaida uwezekano wa kupasuka ni mdogo katika saa 36 za mwanzo, kisha hupanda kadiri saa zinavyosonga. Kwa watoto wadogo hupasuka mapema zaidi, tena wao hawawezi kueleza panapouma.

Jambo linalowaponza wengi ni nafuu ya uongo. Kidole kikitoboka, msukumo uliokuwa ndani unaachiliwa, na maumivu yanaweza kupungua ghafla. Familia inashukuru Mungu, safari ya hospitali inaahirishwa. Kumbe usaha na kinyesi vinamwagikia tumboni. Baada ya muda maumivu hurudi yakiwa yameenea tumbo zima, tumbo linakuwa gumu kama ubao, homa inapanda na moyo unakwenda mbio. Upasuaji ambao ungekuwa mdogo sasa unakuwa wa kufungua na kuosha tumbo, na maambukizi yakiingia kwenye damu yanaweza kuua.

Si kila kidole tumbo kinafuata mwendo huu. Kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo, maumivu yanaweza kuwa ubavuni au mgongoni. Kikining'inia ndani ya nyonga, mgonjwa anaweza kukojoa mara kwa mara au kuharisha. Kwa mjamzito, mimba inayokua inaweza kukisukuma juu. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, maumivu ya hapo hapo yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo pia ni dharura.

Je, dawa za kuua bakteria haziwezi kutibu? Zinaweza, kwa baadhi ya wagonjwa ambao vipimo vimeonyesha kidole hakijapasuka, tena chini ya uangalizi wa hospitali. Hata hivyo, katika utafiti mkubwa wa Ufini, karibu wagonjwa wanne kati ya kumi waliotibiwa hivyo walikuja kupasuliwa ndani ya miaka 5. Vidonge vinavyonunuliwa dukani bila vipimo havilingani na tiba hiyo, na dawa ya kutuliza maumivu hupunguza kelele tu huku kidole kikiendelea kuoza.

Kwa hiyo tumbo likimuuma sana mtu aliyekuwa mzima kwa zaidi ya saa 6, au maumivu yakihama kutoka kitovuni kwenda chini kulia, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Usimpe chakula, kwa sababu huenda akahitaji nusu kaputi. Usimpe dawa ya kuharisha wala usimkande tumbo. Mweleze daktari saa maumivu yalipoanza, yalipoanzia na yalikohamia, na kama yalipungua ghafla, usisahau kulitaja hilo.