Sukari Inaposhuka Baada ya Bia

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 58 mwenye kisukari. Asubuhi amemeza glibenklamaidi, kidonge kinachosukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Jumamosi hiyo kazi imembana, mchana hakula. Jioni akapitia baa, akanywa bia nne akisubiri nyama choma iliyochelewa, akaonja vipande viwili na kurudi nyumbani. Saa nane usiku mkewe anamkuta amelowa jasho, anatetemeka, maneno hayashikani, na akimgusa anamsukuma. Bado ananuka bia. Nani asiyesema kalewa?

Mtu asipokula, ini ndilo linaloilisha damu. Kwanza hutoa sukari liliyoiweka akiba, na akiba ikipungua hutengeneza nyingine mpya. Pombe ikifika, ini hushughulika kuivunja, na kazi ya kutengeneza sukari hulala. Huku akiba ni ndogo kwa sababu mchana hakula, na kidonge kinaendelea kuishusha sukari. Hivyo balaa huweza kuja saa nyingi baada ya glasi ya mwisho, hata asubuhi ya pili. Aliyejidunga insulini yuko katika hatari hiyo hiyo. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho, ingawa nayo haipatani na ulevi mkubwa.

Ubongo ukikosa sukari, mtu huyumba, huropoka na huwa mkali, sawasawa na mlevi. Lakini aliyelewa jioni, kadiri saa zinavyokwenda, huanza kupata nafuu. Huyu anazidi kuharibikiwa. Jasho jingi la baridi nalo litutie shaka. Hata hivyo macho hayatoshi: kinachoamua ni kipimo cha kidoleni. Chini ya 4 (au 70 kwa mashine zinazosoma miligramu), sukari imeshuka. Fundi wetu ana 2.3.

Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena, arudiwe ikibidi, kisha ale chakula cha kushiba. Kipimo kikikosekana, apewe tu. Sukari kidogo haimdhuru mlevi, ila kumwacha alale kunaweza kumuua mgonjwa.

Akiwa hajitambui, asitiliwe chochote mdomoni, maana kitampalia. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe yote mawili, dawa na pombe. Sindano ya glukagoni huenda isifue dafu hapa, kwa kuwa huliamuru ini litoe akiba ambayo haipo. Hospitalini huwekewa glukosi kwenye mshipa. Fundi huzinduka, huomba kurudi nyumbani, na daktari hukataa: glibenklamaidi huweza kufanya kazi saa 24 na zaidi, na dripu ikiisha sukari huweza kuporomoka tena.