Taarifa Nne, Hesabu Moja

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS, mambo huanza kuwa mazito zinapofika taarifa. Akidi imeshathibitishwa, kumbukumbu za mkutano uliopita zimepitishwa, yatokanayo yamekwisha. Mwenyekiti anasoma taarifa ya bodi. Meneja anafuata na taarifa ya utendaji na fedha. Baada yake ni kamati ya mikopo, na mwisho kamati ya usimamizi. Wasemaji ni wanne, na mara nyingi kila mmoja ameandika taarifa yake peke yake, nyumbani, usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha makabrasha.

Tuchukue mfano wa chama cha watumishi wa wilaya moja. Mwenyekiti anatangaza kwamba katika mwaka ulioishia Desemba 31 chama kimekopesha shilingi milioni 412. Haijapita nusu saa, meneja anasimama na kusema mikopo ya wanachama ni shilingi milioni 310. Mkono unanyooka safu za nyuma. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wewe umetuambia mia nne na kumi na mbili. Meneja anatuambia mia tatu na kumi. Hizo milioni mia moja na mbili ziko wapi?"

Ukumbi unachemka, na hakuna hata senti iliyopotea. Mwenyekiti alitaja fedha zilizotolewa kwa wakopaji tangu Januari hadi Desemba. Meneja alitaja deni ambalo wanachama walikuwa bado wanadaiwa siku ya mwisho ya mwaka. Mwaka ulianza na deni la milioni 268, zikatolewa 412, wanachama wakarejesha 370, zikabaki 310. Ukijumlisha na kutoa, hesabu inafunga. Lakini maelezo haya yakija baada ya swali, yanasikika kama utetezi, na mwanachama aliyekwisha kusema neno "wizi" mbele ya wenzake harudi nyuma kirahisi.

Nimesaidia kuandaa mikutano ya namna hii, na ninachokiona ni kwamba wasemaji wa chama kimoja hupingana zaidi kwa takwimu za kweli kuliko za uongo. Kila mmoja ana namba sahihi, ila inajibu swali lake tofauti na swali la mwenzake. Ndiyo maana kumwambia kila mtu ahakiki taarifa yake hakusaidii sana, kwa sababu mwenyekiti akirudia hesabu yake mara tatu atapata milioni 412 mara zote tatu. Kasoro iko katikati, pale msemaji mmoja anapomaliza na mwingine anapoanza, na pale katikati huwa hapana mwenyewe.

Dawa ni kikao kimoja cha wasemaji wote wanne kabla kabrasha halijaenda kuchapishwa. Waje na rasimu, si taarifa zilizokamilika, maana mtu aliyekwisha kupiga chapa kurasa kumi hukubali kwa shida kufuta hata moja. Wachukue karatasi moja, waandike kila takwimu itakayotajwa ukumbini, na mbele ya kila takwimu waandike mambo matatu: inajibu swali gani, ni ya tarehe gani, na nani ataitamka kwanza. Huyo wa kwanza ndiye mwenye takwimu hiyo. Wengine wakiihitaji watairejea kwa jina lile lile alilolitumia yeye, wala hawataifafanua upya.

Kwenye chama chetu cha mfano, karatasi hiyo ingefichua mambo ndani ya dakika chache. Mwenyekiti ameandika wanachama 655, meneja 640. Wa kwanza amehesabu waliopo wiki ya mkutano, mwezi Machi. Wa pili amehesabu waliokuwepo Desemba 31. Hapo uamuzi ni mwepesi: taarifa zote zitumie tarehe ya kufunga hesabu, na mwenyekiti akipenda aongeze kwamba tangu siku hiyo wamejiunga wengine 15.

Kuna moja ngumu zaidi, nayo ni mikopo iliyochelewa kurejeshwa. Kamati ya mikopo imeandika milioni 9, meneja milioni 31. Chukua mwanachama aliyekopa milioni 6 kwa miezi 24. Ukiacha riba, anapaswa kurejesha 250,000 kila mwezi. Amelipa marejesho manane, kisha akakwama miezi miwili. Kamati ya mikopo inahesabu marejesho mawili aliyoshindwa, yaani 500,000, kwa sababu hizo ndizo fedha wanazomfuatilia. Meneja anahesabu deni lote lililobaki, milioni 4, kwa sababu mtu aliyekwama leo anaweza asilipe tena kabisa, na chama kinapaswa kujua fedha kiasi gani ziko hatarini. Ukikusanya wakopaji wote wa namna hii unapata milioni 9 kwa upande mmoja na 31 kwa upande mwingine. Ukipima kwenye deni lote la milioni 310, moja inasema karibu asilimia 3 na nyingine asilimia 10. Mwanachama anayezisikia zote mbili bila maelezo ana haki ya kudhani kuna mtu anaficha jambo.

Hapa nisingependa namba moja ifutwe, maana zote zina kazi. Ningeziweka zote mdomoni mwa meneja, mahali pamoja, pamoja na mfano wa yule mwenye milioni 6. Baada ya hapo kamati ya mikopo haina haja ya kutaja jumla yoyote. Inaanzia palipoishia meneja: nani amefuatwa, wadhamini wangapi wameitwa, nini kimerejeshwa.

Kikao hicho hicho ndicho kinachoondoa marudio. Marudio hayaji kwa sababu watu wanapenda kurefusha. Yanakuja kwa sababu kila msemaji ameandika taarifa inayojitegemea, kana kwamba wasikilizaji wake wameingia ukumbini dakika hiyo. Basi kila mmoja anasalimia meza kuu kwa vyeo, anaeleza chama kilianzishwa lini, anashukuru bodi, anataja idadi ya wanachama. Mara nne. Wakishakubaliana kwamba salamu za itifaki na historia ni za mwenyekiti peke yake, wengine watatu wanaanza na jambo lao sentensi ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo yaandikwe maneno ya kukabidhiana, na ninasisitiza yaandikwe. Desturi yetu ni kusema, "Baada ya kusema hayo, naomba nimkaribishe meneja." Maneno hayo ni ya heshima, lakini hayamwambii msikilizaji chochote. Linganisha na haya ya mwenyekiti: "Nimeeleza kwamba kwa mwaka mzima tumetoa mikopo ya milioni 412. Katika mwaka huo huo wanachama wamekuwa wakirejesha mikopo yao. Meneja atatueleza hadi Desemba 31 ni kiasi gani bado kiko mikononi mwa wanachama, na kati ya hicho ni kipi kimechelewa." Meneja naye anapokea: "Kama alivyosema Mwenyekiti, tulitoa 412. Deni lililobaki mwisho wa mwaka ni 310, na nitaonyesha tulivyofika hapo." Sentensi chache tu, na lile swali la milioni 102 limejibiwa kabla ya kuulizwa. Anayekabidhi anataja alichokifunga na swali analomwachia mwenzake. Anayepokea anaanza kwa kulishika swali hilo hilo.

Mazoezi yafanyike kwenye maungio hayo tu. Kusoma taarifa zote nne kwa sauti kunachukua zaidi ya saa nzima na watu huchoka. Kila msemaji asome aya yake ya mwisho, na anayefuata asome aya yake ya kwanza papo hapo, bila pengo. Masikio huona ambacho macho hayakuona kwenye karatasi. Mwenyekiti atasikika akisema "wakopaji 512" na meneja "wakopaji 430", na hapo hapo mtu atakumbuka kwamba 512 ni idadi ya mikopo, kwa kuwa baadhi ya wanachama walichukua zaidi ya mmoja.

Muda nao huharibu maungio yaliyoandaliwa vizuri. Mwenyekiti aliyepewa dakika 15 akitumia 30, meneja ndiye atakayeruka kurasa, na mtu mwenye haraka huruka maelezo na kubakiza namba. Kwa hiyo kila msemaji aweke alama mapema kwenye aya zinazoweza kuachwa zikasomwa kwenye kabrasha, na alama nyingine kwenye aya isiyoachwa kwa hali yoyote, kwa sababu anayefuata amesimama juu yake. Kwa meneja ni ile ya mkopaji wa milioni 6. Akiiacha hiyo, kamati ya mikopo itazungumza juu ya jambo ambalo ukumbi haujalielewa.

Takwimu ikibadilika baada ya kabrasha kuchapishwa, na hutokea, mwenye takwimu ndiye anayetangaza sahihisho, mwanzoni mwa sehemu yake, akitaja ukurasa, na awe amewaambia wenzake watatu kabla mkutano haujafunguliwa. Utaratibu huo huo unafaa kwenye maswali. Swali likigusa deni la milioni 310, mwenyekiti anampa meneja, hata kama yeye mwenyewe anajua jibu. Watu wawili wakijibu swali moja kwa maneno tofauti, linazaliwa swali la pili.

Kuna mpaka ambao kikao hiki hakipaswi kuuvuka. Kamati ya usimamizi huchaguliwa na wanachama ili iangalie kazi ya bodi na watendaji kwa niaba yao. Ikikaa na wasemaji wengine kulinganisha takwimu, hilo ni jema. Ikitakiwa kulainisha maoni yake ili taarifa zisipishane, wanachama wamenyang'anywa jicho lao. Dalili yake huonekana kwenye rasimu: aya ya kamati iliyokuwa na ukurasa mzima imebaki mistari miwili, na ilipoandikwa "hatukuridhishwa" sasa pameandikwa "tunashauri kuboresha". Kinachopatanishwa kikaoni ni hesabu, tarehe na majina ya vitu. Hukumu ya kamati inabaki ya kamati.

Nayo tofauti hiyo hukabidhiwa waziwazi kama mengine. Msemaji wa kamati ya mikopo anamaliza hivi: "Takwimu za mikopo iliyochelewa ni zile alizotoa meneja, na kamati zote mbili zinazikubali. Kamati ya usimamizi ina maoni tofauti na sisi kuhusu jinsi mikopo mitatu kati ya hiyo ilivyoidhinishwa, na sasa itayaeleza." Anayepokea hana haja ya kubishana tena kama ni 9 au 31. Anafungua faili la mkopo wa kwanza kati ya ile mitatu na kueleza dhamana ilikuwa nini, nani aliikagua, na kwa nini kamati yake inaona haikutosha.