“Breki zilikataa”: neno moja linaloweza kukugharimu fidia

Dereva wa Noah amegonga bajaji Kimara. Asubuhi yake anamtumia wakala wake wa bima meseji mfululizo: “Kaka, jana balaa! Mvua, giza, natoka zangu mjini saa moja na robo hivi, bajaji ikachomoka, breki zikakataa, nikaivaa. Jamaa atakuwa alilewa yule. Na mimi nilikuwa nakimbia kidogo. Kachubuka kiwiko tu.”

Kila kinachohitajika kimo humo, ila kimechanganyika na dhana. Kazi ya wakala ni kuchambua, na panapotatiza, kuuliza badala ya kubuni.

Swali la kwanza ni breki. Mkaguzi wa bima akisoma “breki zilikataa”, ataelewa kwamba gari lilikuwa bovu, na gari bovu ni sababu ya kukataa madai. Wakala anauliza: pedali ilizama, au ulikanyaga magurudumu yakateleza? Dereva anajibu kwamba yaliteleza. Angejibu kuwa ilizama, ingeandikwa hivyo hivyo.

La pili ni saa. “Saa 1:15” mtu wa ofisini anaweza kuisoma kama usiku wa manane. Picha ya kwanza ya ajali kwenye simu inaonyesha 19:22, kwa hiyo saa moja na robo usiku inaingia akilini.

La tatu, “nakimbia kidogo” ni mwendo gani? Dereva anakadiria kilomita 55 kwa saa, mahali penye kikomo cha 50. Namba hiyo inamuuma, lakini inabaki. Ulevi unaondolewa, kwa kuwa hakuuona, aliudhania tu.

Maelezo yakatoka hivi:

“Jana, takriban saa 1:15 usiku (19:15), nilikuwa naendesha Noah katika Barabara ya Morogoro, Kimara, nikitoka mjini. Mvua ilikuwa inanyesha na taa zangu zilikuwa zinawaka. Nakadiria mwendo wangu ulikuwa kilomita 55 kwa saa. Bajaji iliingia barabarani kutoka kushoto. Nilikanyaga breki, magurudumu yakateleza, bampa langu la mbele likagonga ubavu wake wa kulia. Dereva wa bajaji alichubuka kiwiko. Polisi walimpa PF3 akaenda kutibiwa. Trafiki walichora ramani ya ajali.”

Hakuna “nilikosea” wala “alikosea”. Mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia. Kueleza mwendo wako ni kutaja tukio. Kosa ni la nani, wataamua wengine.

Mwisho dereva anasomewa maelezo yote, anarekebisha, ndipo anatia saini. Meseji za awali zisifutwe, maana zikihitajika ndizo zitakazoonyesha kwamba maelezo hayakupikwa. Nawe usitie saini sentensi ambayo huwezi kuirudia mbele ya mkaguzi ukiwa umesimama pale pale ulipogonga.