Ukimwalika Pasta Gwarideni, Mwambie Dakika Ngapi

Umepewa kazi na mwalimu wa zamu: andika barua ya kumwalika pasta azungumze gwarideni. Shule yenu iko Rhonda, na mnataka awaambie vijana kuhusu kujitoa kwenye magenge ya mtaani kabla hawajaingizwa. Ujumbe mzito huo. Usiuharibu kwa kuandika "utupe maneno machache".

Kwa mhubiri, "machache" inaweza kuwa dakika arobaini. Watoto wamesimama juani, somo la kwanza linaliwa, na wale wavulana mliowalenga washaanza kupiga stori nyuma. Hakuna aliyekosea ila barua.

Tuseme gwaride ni Ijumaa. Andika hivi:

"Mchungaji, tunakuomba uzungumze na wanafunzi wetu Ijumaa, saa mbili kamili hadi saa mbili na dakika kumi asubuhi. Dakika hizo kumi ni pamoja na salamu na maombi, kwa sababu masomo huanza mara tu baada ya gwaride. Wasikilizaji ni wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9, Wakristo, Waislamu na wengine, na watakuwa wamesimama. Tungependa ugusie jambo moja: mtoto afanye nini rafiki anapomvuta kwenye genge. Mwalimu wa zamu atainua mkono zikibaki dakika mbili."

Ona kwa nini kila sentensi ipo. Salamu za kanisani pekee zinaweza kumeza dakika tatu, ndiyo maana umezihesabu. Umri unamsaidia kuchagua mfano: cha kumwambia mtoto wa miaka 13 si cha kumwambia mzazi wake. Na ule mkono wa mwalimu, akiujua mapema, haumuaibishi mbele ya watu.

Hapo kwa dini usipaite kidogo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu asilazimishwe kufanya jambo linalopingana na imani yake. Gwaride si ibada ya hiari; mwanafunzi Mwislamu hawezi kutoka tu. Pasta akiita watu waje mbele kuokoka, huyo mwenzako atafanyaje? Mgeni akijua mapema, atapanga maneno yanayomfikia kila mmoja. Ni vivyo hivyo mkimwalika imamu.

Kisha barua ipite kwa mwalimu mkuu, isainiwe na kupigwa muhuri, na imfikie mgeni angalau wiki moja kabla. Siku mbili kabla, mpigie simu: "Mchungaji, shikamoo. Ni zile dakika kumi za Ijumaa, sivyo?" Akicheka na kusema, "Kumi hazinitoshi, mwanangu," usimwongezee. Muulize ni neno gani moja angependa watoto waende nalo nyumbani. Akishalipata, kumi zitamtosha.